Bega Lisilo na Kosa

Mama mkwe wangu alikuwa na mikono mikubwa kuliko mwili wake. Yeye mwenyewe mfupi, mwembamba, ukimwona kwa mbali na buibui lake ungedhani ni msichana aliyetumwa dukani, lakini akikupa mkono wa salamu, wako unapotelea humo. Mikono hiyo ilijulikana mji mzima wa Bagamoyo. Aliyeteguka, aliyelala vibaya shingo ikakaza, mzazi aliye ndani ya arobaini, wote waliletwa ukumbini kwetu, wakatandikiwa mkeka, na mafuta ya ufuta yakapashwa moto kwenye kibakuli cha bati pamoja na karafuu. Nyumba ile ilinukia karafuu hata siku tulizopika papa mkavu.

Mimi niliingia humo kama mke wa mwanawe wa kwanza, tena nikiwa muuguzi. Nilisomea Dar es Salaam, nikapangiwa hospitali ya wilaya pale pale Bagamoyo, nikawa naondoka asubuhi na gauni langu jeupe lililopigwa pasi mpaka likasimama lenyewe. Basi fikiria: matabibu wawili nyumba moja, mmoja wa serikali na mmoja wa mkeka. Tulianza kubishana kabla hina ya harusi haijatoka mikononi mwangu. Nasema wazi kwamba sijawahi kubishana na mtu kwa raha kama nilivyobishana na mama yule.

Mimi nilikuwa na mdomo. Nilikuwa nikimwona mtu kajinyoosha mkekani, namwambia mama mbele yake, "Mama, kuchua hakuponyi kitu. Ni raha tu."

Naye hujibu bila kuinua macho, "Raha nayo ni kitu, mwanangu. Wewe huko kwenu mnawapa nini? Vidonge na ukali."

Siku moja nilitoka chumbani kwa haraka za kazini, nikajikwaa kwenye kizingiti. Kizingiti cha nyumba ile kilikuwa kirefu, cha mti mgumu, na kilikuwa kimevunja kucha za vizazi. Nikaangukia matako, nikakishika kidole cha mguu kwa mikono miwili, nikawa nakisugua huku nauma meno. Mama mkwe alikuwa anachambua mchele. Aliweka ungo chini, akacheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya kanga.

"Bibi muuguzi, unafanya nini hapo?"

"Nimeumia, mama!"

"Naona umeumia. Nauliza unachua nini? Si umesema hakuponyi?"

Nilikasirika, na hasira zangu hugeuka darasa. Nilimweleza kila nilichofundishwa na daktari mmoja kijana wa chuoni, ambaye naye alitueleza kama habari mpya, akatuonya kwamba wakubwa wengine wa udaktari walikuwa bado hawajaikubali.

Nikamwambia: ukijikwaa, habari ya maumivu inasafiri kwa nyuzi nyembamba za neva kuelekea uti wa mgongo. Baadhi yake zina haraka kidogo, ndizo zinazokutoa "ala!" ya kwanza. Nyingine zinajikokota, zinaleta ule uchungu wa kupwita unaokuja nyuma na kukaa. Habari ikipokewa kwenye uti, inavukia upande wa pili, inapanda mpaka kituo kilicho katikati ya ubongo, na kutoka pale inagawiwa huku na huku: huku ujue ni kidole gani, kule uchukie na kulia. Lakini pale mwanzo kabisa, inapoingia kwenye uti, haipiti ovyo. Pana kitu kama lango. Na habari ya kuguswa na kusuguliwa ina nyuzi zake, nene, zenye kasi. Zikifika kwa wingi, zinamwamsha bawabu wa pale langoni, naye anausindika mlango, yakawa maumivu yanayopenya kwenda juu ni machache.

"Kwa hiyo kidole kimepona?" akauliza.

"Hapana. Kidole kimeumia vile vile. Kelele zake ndizo zilizopungua."

Alifikiri kidogo. "Na huyo bawabu hana mkubwa wake?"

Swali hilo lilinifurahisha, kwa kuwa ndilo nililomuuliza daktari yule darasani. "Anaye. Ubongo wenyewe unatuma amri kutoka juu, inateremka mpaka pale langoni na kusema funga. Ndiyo maana mtu akiikimbia nyumba inayoungua hajui kakanyaga nini mpaka afike salama."

"Na mtu akisomewa Yasini, akashikwa na anayempenda, amri inateremka?"

"Pengine, mama."

"Pengine!" Akarudi kwenye mchele wake. "Serikali imekusomesha miaka yote ile uje uniambie pengine."

Lakini bawabu alimpenda. Kesho yake nilimsikia ukumbini anamwambia mvuvi mmoja aliyekakamaa kiuno, "Tulia wewe, acha nimwamshe bawabu," kwa sauti ya mtu aliyezaliwa naye nyumba moja. Nikacheka kimoyomoyo. Tangu siku hiyo sikumsema tena mbele ya wagonjwa wake, ila faraghani tuliendelea kama kawaida.

Kulikuwa na jambo moja ambalo sikulielewa. Mama alichua migongo na miguu kwa mzaha na umbea, akimsimulia huyu habari za yule. Ila akifika begani alinyamaza. Midomo ilicheza bila sauti, na mtu akimsemesha hakujibu. Nilimuuliza mume wangu, akasema ndivyo alivyo tangu yeye mdogo. Nikadhani ni dua ya kazi yake, mambo ya kurithishana, nikaacha.

Mwanamke aliyetujia siku ile ninayotaka kuisimulia hakuwa mgeni. Alikuwa wifi yangu, binti pekee wa mama, aliyeolewa mtaa wa pili. Mumewe alikuwa amekwenda Pangani kwa biashara yake ya nguo. Ndoa yao ilikuwa imetimiza mwaka wa tatu bila mtoto, na watu, kama walivyo watu, walikuwa wameanza kumwangalia tumbo kabla ya kumwangalia uso. Wifi alikuwa mpole, mtu wa kuomba radhi hata akikanyagwa yeye.

Alikuja baada ya adhuhuri. Mimi nilikuwa nimerudi kutoka zamu ya asubuhi, namenya mihogo uani. Akaniamkia, nikaona sauti imepungua. Akamwambia mama yake kwamba bega la kulia linamuuma tangu jana, pale juu kabisa, kama mtu aliyebeba ndoo kwa upande mmoja.

"Umelala vibaya," mama akasema. Akatandika mkeka, akapasha mafuta. Kisha akanyamaza, kama kawaida yake kwenye bega.

Alichua. Nilikuwa namsikia kutoka uani, ule mlio wa kiganja chenye mafuta. Kisha mlio ukakatika. Hilo halikuwa la kawaida, nikainua kichwa.

"Hebu njoo," mama akaniita. Sauti haikuwa na mzaha. "Bega hili halina kitu."

"Halina kitu vipi?"

"Nimelibonyeza lote. Msuli laini. Hakuna fundo, hakuna joto. Mwenye bega bovu ukimgusa penyewe anaruka. Huyu naminya, hata kope hazichezi, na bado anasema linauma."

Nikanawa mikono, nikapiga magoti. Nikaliminya bega pale alipopaonyesha, nikamwinua mkono juu, nikauzungusha. Ukaenda wote bila kukwama, wala maumivu hayakuzidi. Nikamuuliza ni wakati gani linazidi.

"Nikilala chali, wifi. Jana nilishindwa kulala, nikakaa kitako. Nikikaa linapungua."

Nikamvuta kope la chini kwa kidole gumba. Ndani mwake palikuwa peupe kama karatasi. Nikamshika mkono, mapigo yanakimbia, membamba. Hapo nilijua swali linalofuata, na nilijua hatalijibu.

Kwetu mimba changa haitangazwi. Inafichwa macho ya watu, inafichwa husuda, na mwanamke aliyesubiri miaka mitatu ataificha zaidi ya mwingine. Tena binti hasemi mambo ya mwezi wake mbele ya mama yake mzazi. Hayo ni ya somo aliyemfunda, au ya wifi. Kwa hiyo nilimtazama mama nikamwambia, "Mama, mafuta yamepoa."

Mafuta yalikuwa yanatoa moshi. Mama aliyatazama, akanitazama mimi, akachukua kibakuli akaenda jikoni bila neno. Nilimpenda sana dakika ile.

"Wifi," nikamnong'oneza, "mwezi umeuona mara ya mwisho lini?"

Akaanza kulia. Ulikuwa umempita, mwezi mzima na zaidi. Hakumwambia mtu, hata mumewe, alitaka awe na uhakika kwanza. Kisha akaona matone ya damu kidogo, akajua basi, hamna kitu. Juzi tumbo lilimkata upande mmoja, chini, vibaya sana, mpaka akaanguka jikoni. Kisha likatulia. Likabaki zito tu, na bega likaanza. Aliogopa kuja kusema tumbo, kwa sababu tumbo lingeulizwa maswali. Bega haliulizwi.

Mama alikuwa amesimama mlangoni na kibakuli. Sijui alisikia kiasi gani. Akasema, taratibu, "Mficha maradhi, kifo humuumbua."

"Mama, bega linasingiziwa," nikamwambia. "Mimba imetunga nje ya tumbo la uzazi, na imepasuka. Damu iko tumboni. Tunakwenda hospitali sasa hivi, mihogo iache hapo hapo."

Tulimbeba kwenye kiti mpaka nje, jirani akatusaidia kwa mkokoteni, na mama akaniuliza njiani, akihema, damu ya tumboni inafanya nini begani. Nikamjibu tukitembea. Kati ya kifua na tumbo kuna kiwambo cha msuli, ndicho tunachovutia pumzi. Damu iliyomwagika tumboni inakichokoza kiwambo kwa chini, hasa mtu akilala, inapotiririka kuelekea juu. Sasa neva ya kiwambo haitoki karibu. Inatoka shingoni, na habari zake zinaingia kwenye uti kwa mlango ule ule ambao habari za bega huingilia, zinapokewa na wapokezi wale wale. Ubongo umezoea kusikia kesi za bega, maana bega hugongwa, hubebeshwa, huchomwa jua. Kiwambo hakina desturi ya kulalamika. Basi sauti ikija kutoka mlango ule, ubongo unasema, ah, huyu ni bega tena.

"Kumbe na ubongo una umbea," mama akasema. Hakucheka, wala mimi.

Daktari wetu hakupoteza muda. Alimbonyeza tumbo, akaangalia macho, akanigeukia akasema umeona vyema, lakini hatuwezi hapa. Chumba cha upasuaji kilikuwepo, ila mtu wa nusukaputi alikuwa safarini, na damu ya akiba hatukuwa nayo. Akamtundikia maji ya mshipa, akaniambia nimsindikize Dar es Salaam kwa Landrova ya hospitali. Mama aliingia garini bila kuulizwa, na dereva hakuthubutu kumshusha.

Barabara ile enzi hizo haikuwa barabara, ilikuwa ni mashimo yaliyoshikana mikono. Wifi alikuwa ameegemea ukuta wa gari, nusu amekaa, na hivyo bega lilikuwa linavumilika. Kabla hatujafika Kerege, nilimpima presha nikaona imeshuka. Midomo ilikuwa imepauka. Mtu wa namna hiyo humwachi amekaa. Unamlaza, unamwinua miguu, damu iliyobaki ikauhudumie moyo na ubongo. Na nilijua nikimlaza, damu ya tumboni itakwenda zake chini ya kiwambo, na bega litamlilia.

Nilikuwa na sindano ya pethidini mfukoni, daktari alinipa na masharti. Dawa ile inaua maumivu, lakini inaweza kuishusha presha ambayo tayari ilikuwa inaning'inia. Nikaitazama, nikairudisha mfukoni. Nikamlaza.

Alipiga ukelele ambao dereva aliugeukia. Na hapo mama akajisogeza, akakiweka kichwa cha binti yake juu ya paja lake, akaliingiza bega lote katika ule mkono wake mkubwa, akaanza kuchua. Hakuwa na mafuta. Alichua kwa jasho lake.

Mdomo wangu ulifunguka kumwambia kwamba si hapo. Nilikuwa nimekwisha kumweleza kwamba bega halina kosa! Kisha nikaona vidole vya wifi vinalegea kwenye kanga aliyokuwa ameishika. Nikafunga mdomo. Mlango si ni ule ule? Kama kiwambo na bega vinaingilia mahali pamoja, basi mkono unaosugua bega unaweza kumwamsha bawabu hata kwa kesi isiyo ya bega. Mama alikuwa anamsemesha pia, habari za utotoni, jinsi alivyowahi kumeza kokwa la zabibu akadhani mzabibu utamwotea kichwani. Wifi akatabasamu, na meno yake yalikuwa yanagongana.

Tulipita shimo kubwa, mkono wa mama ukateleza. Wifi akafumbua macho.

"Usiache, mama," akasema.

Nilimwona mama anabadilika. Mkono uliganda hewani, uso ukawa wa mtu aliyeitwa na asiyemtarajia. Nikadhani amezidiwa, nikataka kumshika. Lakini akaurudisha mkono begani, na tangu hapo hakusimulia tena. Midomo ilicheza bila sauti mpaka tukaingia mjini.

Wakampasua jioni ile. Mrija wa uzazi wa kulia ulikuwa umepasuka, wakautoa. Walihitaji damu, yangu ikalingana, wakaitoa kwenye mkono wa kushoto, na aliyeitoa alikuwa mwanafunzi aliyeutafuta mshipa wangu kama aliyeangusha shilingi gizani. Mkono ulivimba. Asubuhi daktari mpasuaji alituambia wifi atapona, na kwamba mrija wa pili ni mzima, mtoto anaweza kuja. Alikuja kweli baadaye, wa kike, mdomo wake ameurithi kwangu sijui kwa njia gani.

Tulimkuta wifi ameamka, tumbo limeshonwa, anaomba radhi kwa usumbufu. Mama akamuuliza kuhusu bega. Wifi akalishika, akashangaa. Maumivu ya pale hayakuwepo tena.

"Wamepasua tumbo, limepona bega," mama akasema. Akageuka akatoka nje.

Nilimkuta kwenye benchi la veranda, mikono imelala mapajani kama vitu vya mtu mwingine. Nikakaa karibu naye. Baadaye akaanza kusema, bila kunitazama.

"Nilikuwa na mdogo wangu wa kike. Tumbo moja. Aliolewa karibuni, hata hina haijatoka. Akaja kwangu analia bega, mimi ndiyo kwanza nimerithi kazi kwa mama. Nikamchua. Akilala linazidi, akikaa linapungua, hivyo hivyo. Kila nikipumzika ananiambia, dada, usiache. Nikadhani nimekaribia kuupata ugonjwa, ndiyo maana anasema nisiache. Nikazidi kuutafuta. Akanifia mikononi kabla ya magharibi."

Akaigeuza mikono yake, akatazama viganja.

"Miaka yote hii najua nilikosea mahali. Pengine nilibonyeza pasipobonyezwa. Kila bega linaloletwa, namwombea yeye kwanza, ndipo nashika."

Mimi ni mtu wa maneno, na kwa mara ya kwanza ilibidi niyatafute. "Mama, hukukosea," nikamwambia. "Bega lake halikuwa na kosa, na mkono wako haukuwa na kosa. Ugonjwa ulikuwa mahali ambapo hakuna mkono ambao ungeufikia, wa kwako wala wa kwangu. Hakukwambia usiache kwa sababu ulikaribia kumponya."

"Kwa nini basi?"

"Kwa sababu ulikuwa unamfungia mlango. Kila ulipochua, maumivu yalikuwa yanampata machache. Ukiacha, yanarudi. Alijua hilo kuliko sisi."

Akanigeukia. Macho yake yalikuwa mekundu, na ndani yake nikaona ile cheche ya siku ya mchele.

"Pengine?"

"Siyo pengine, mama."

Wauguzi walipita na vigari vya chai. Kisha mama akauona mkono wangu wa kushoto, ulivyovimba pale kwenye kiwiko, akauvuta mapajani mwake bila kuniomba ruhusa. Akaanza kuuchua taratibu, kuanzia juu, midomo imetulia. Sikumwambia aache.